Anayenunua Wakati Mnunuzi Hayupo

Naanza na dirisha la duka la fedha, maana kila ninapozungumzia watengeneza soko, yaani wale wanaokaa tayari kununua na kuuza hisa kwa pesa zao wenyewe, kuna anayeniambia hao ni walanguzi tu. Dirishani pana bei mbili za dola, ya kununulia na ya kuuzia, na hakuna anayeshangaa. Kwa nini kwenye hisa tunapiga kelele?

Chukueni mfano wangu. Mtengeneza soko anatangaza: hisa hii nanunua kwa shilingi 198, nauza kwa 202. Mama mmoja anadaiwa ada ya shule, anataka kuuza hisa 1,000 leo hii. Mnunuzi huenda akapatikana kesho kutwa. Dalali angemtafuta mnunuzi, achukue kamisheni yake. Huyu wetu anatoa pesa zake mwenyewe, analala na mzigo. Mnunuzi akija anamuuzia kwa 202. Kila hisa imemwachia shilingi 4, jumla 4,000.

Najua mtaniuliza: si aridhike na shilingi moja? Hapo ndipo watu wanaponichosha! Si kila anayeuza ni mama wa ada. Siku nyingine anakuja mtu aliyekwisha kunusa kwamba faida ya kampuni imeporomoka. Anauza hisa 5,000 kwa 198, anaondoka zake. Jioni taarifa inatoka, bei inaangukia 180. Mtengeneza soko amepoteza shilingi 18 kwa kila hisa, yaani 90,000. Kuzirudisha kwa shilingi nne nne, itabidi anunue na kuuza hisa 22,500. Kwa hiyo pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, analolipa mama, linafidia hasara inayoletwa na mjuzi. Ndiyo maana matokeo ya kampuni yakikaribia kutangazwa, pengo hupanuka.

Na mzigo ukimzidi? Anashusha bei zote mbili, 196 na 200. Wauzaji wanasita, wanunuzi wanasogea, mzigo unapungua. Bei imeshuka, lakini kwa ngazi, haikudondoka kutoka juu ya paa.

Ila msidhani atasimama pale hata nyumba ikiwaka moto. Tarehe 6 Mei 2010, Marekani, soko lilipoporomoka ghafla, wengi wao walijitoa. Zikabaki bei za kutimiza tu wajibu wao wa kuweka bei, zilizowekwa mbali kabisa ili zisiguswe. Zikaguswa! Hisa za Accenture, zilizokuwa karibu dola 40, zikauzwa kwa senti moja. Biashara zile zilifutwa baadaye, na mwaka huohuo wasimamizi wakapiga marufuku bei za namna hiyo.

Nilitaka kueleza mikataba kati ya soko na mtengeneza soko, muda umenitupa mkono. Kwa ufupi: masoko mengi humpunguzia mtengeneza soko ada, naye hufungwa kuweka bei pande zote mbili kwa sehemu kubwa ya siku, pengo lisizidi kiwango fulani. Soko lenu likitangaza mkataba kama huo, ulizeni kiwango hicho ni kipi, na saa ngapi kwa siku anaruhusiwa kutokuwepo.