Namba, Tarehe na Anwani: Kipi Kionekane, Kipi Kifichwe

Ndugu wasikilizaji, habari za mchana. Najua wengi wenu mnangoja orodha ya taarifa zenu mtandaoni: hiki onyesha, kile ficha. Sitaitoa, kwa sababu orodha ya namna hiyo hudanganya. Tarehe ya kuzaliwa ikiwa peke yake haimfikishi mtu mbali, na namba ya simu isiyojulikana ni ya nani ni tarakimu tu. Shida huanza vitu hivi vinapokutana. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuweka kitu hadharani ni hili: kikiungana na vile ambavyo tayari viko nje, kitamfikisha mtu wapi?

Niwape mfano unaojulikana sana kwa watu wa fani ya faragha. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, taasisi ya bima ya watumishi wa serikali ilitoa kumbukumbu za matibabu kwa ajili ya watafiti. Majina yaliondolewa na anwani zikaondolewa. Zilizobaki ni pamoja na tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta. Mwaka 1997 Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, alinunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20. Daftari lilikuwa na vitu vile vile vitatu, na juu yake majina. Akamtafuta gavana wa jimbo, William Weld, aliyekuwa mkazi wa mji huo. Watu sita walikuwa na tarehe ya kuzaliwa kama yake. Kati yao wanaume walikuwa watatu, na katika eneo lake la posta alikuwa peke yake. Kumbukumbu zake za matibabu zikapatikana, na hakuna kompyuta ya mtu iliyodukuliwa.

Daftari lile lilikuwa na wapiga kura karibu 55,000. Sasa tufanye hesabu yetu hapa ubaoni kwa mji wa kubuni wenye watu 50,000, wa rika zote hadi miaka 70. Miaka 70 ni siku kama 25,500. Gawa, unapata watu wawili hivi kwa kila tarehe kamili. Ukijua jinsia, amebaki mmoja. Tarehe kamili ya kuzaliwa, katika mji wa ukubwa huo, inakaribia kuwa jina.

Ondoa mwaka, ubaki na siku na mwezi. Gawa 50,000 kwa 365: watu 137, yaani wanawake kama 68 na wanaume idadi hiyo hiyo. Ukibaki na mwaka pekee, ni watu zaidi ya 700. Tofauti kati ya mtu mmoja na watu 68 inatokana na tarakimu nne za mwaka tu. Ndiyo maana nasema siku na mwezi vinaweza kuachwa kwa marafiki wakitaka kukutakia heri, lakini mwaka ufungiwe. Mitandao mingi ina mipangilio miwili tofauti kwa hili, mmoja wa siku na mwezi, mwingine wa mwaka, na watu wengi hugusa ule wa kwanza wakidhani wamemaliza.

Halafu mwaka huo huo unatoka kwa mlango wa nyuma. Umeficha mwaka, lakini kwenye wasifu umeandika mwaka uliomaliza shule ya sekondari. Wanaomaliza pamoja hupishana umri kwa mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo miaka yote 70 imeshuka kuwa mitatu. Rudi kwenye hesabu: siku, mwezi, jinsia na miaka mitatu ya kubahatisha, unabaki na watu watatu. Picha moja ya keki yenye tarakimu 30 juu yake inamaliza kazi.

Wengine husema, basi nadanganya tarehe wakati wa kufungua akaunti. Kwa jukwaa la kubishana mpira, sawa. Kwa akaunti utakayotaka kuirudisha siku ikiibwa, hapana. Huduma nyingi hukuomba picha ya kitambulisho, na kitambulisho kisipolingana na ulichoandika, utabaki nje. Andika ya kweli, kisha ifiche isionekane na wengine.

Tuje kwenye namba ya simu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayotolewa kwa urahisi kupita kiasi. Namba ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupigiwa, na hiyo ndiyo watu wanayoifikiria. Ya pili ni kuthibitisha kwamba wewe ni wewe: benki hutuma msimbo hapo, baruapepe hurudishwa kupitia hapo. Ikiwa laini moja inafanya kazi zote mbili, kuitangaza ni kuonyesha mlango wa kuingilia kila kitu ulicho nacho.

Mwizi hahitaji kuishika simu yako. Anakwenda kwa kampuni ya simu, au kwa wakala wake, akidai simu imepotea na anataka laini mpya yenye namba ile ile. Ataulizwa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, pengine namba ya kitambulisho. Viwili vya kwanza vinapatikana kwenye ukurasa wako. Laini yake ikiwashwa, yako inakufa, na misimbo yote inaanza kwenda kwake. Dalili ni moja na iko wazi: mtandao unatoweka ghafla kwenye simu yako huku aliye karibu nawe, anayetumia kampuni ile ile, anao. Ukizima na kuwasha simu na bado hakuna kitu, usingoje. Tumia simu ya mwingine kuwaambia kampuni waifunge laini, kisha piga benki, kisha ingia kwenye baruapepe ubadilishe nenosiri na uiondoe namba hiyo.

Hapa kuna mkanganyiko ninaokutana nao kila mara. Watu huweka namba ya siri kwenye laini, ile ya tarakimu nne inayoombwa simu inapowashwa, wakiamini imezuia wizi huu. Haizuii. Inamzuia aliyeiba kadi yako asiitumie kwenye simu nyingine, basi. Laini mpya iliyotolewa dukani inakuja na namba yake ya siri. Kinachosaidia ni nenosiri la akaunti yako kwa kampuni ya simu, pale kampuni inapokubali kuliweka, pamoja na kuhamisha misimbo ya kuingilia kutoka kwenye ujumbe mfupi kwenda kwenye programu inayoizalisha ndani ya simu yenyewe. Msimbo wa namna hiyo haupiti kwenye laini.

Kwa anayelazimika kutangaza namba, mfanyabiashara kwa mfano, dawa ni laini mbili. Ya kwanza iko kwenye bango na haijaunganishwa na benki wala baruapepe. Ya pili haiandikwi popote. Kuhakikisha zimetengana kweli, fungua ukurasa wa kuingilia wa kila huduma unayoitumia, bonyeza umesahau nenosiri, uone inakupendekezea kutuma msimbo wapi. Itaonyesha tarakimu chache za mwisho za namba na kuficha nyingine. Zikiwa ni za laini ya bango, bado una kazi. Kwenye huduma za fedha kwa simu jaribu pia kuanza kujitumia pesa kutoka kwa simu ya rafiki: mara nyingi jina lililosajiliwa hutokea kabla ya kuthibitisha. Ina maana kila mwenye namba yako anaweza kulijua jina lako kamili, hata kama kwenye tangazo uliandika jina la duka.

Na usiiache laini ya zamani ikafa huku bado imo kwenye akaunti zako. Kampuni huigawa upya baada ya muda, na mwenye nayo mpya ndiye atakayepokea misimbo.

Anwani ya nyumbani nitaisema kwa upande mmoja tu, kwa sababu kuiandika waziwazi ni kosa ambalo wengi wameshaacha. Siku hizi inatoka kwa ramani. Vipimo vya mahali huandikwa kwa nyuzi na desimali. Desimali tano ni usahihi wa mita moja hivi, yaani mlango wako. Desimali tatu ni mita kama 110, na mbili ni zaidi ya kilomita moja, yaani mtaa au kitongoji. Ukitaka kuonyesha eneo unalotoa huduma, ishia kwenye desimali mbili. Picha iliyopigwa na simu yenye GPS inaweza kubeba vipimo hivyo ndani yake bila kuonekana. Mitandao mikubwa ya kijamii huviondoa kwenye nakala inayoonekana na watu, lakini picha iliyotumwa kama faili, au kwa baruapepe, hufika navyo.

Wakimbiaji na waendesha baiskeli wana tatizo lao. Programu za mazoezi huwapa duara la faragha: unaiweka nyumba katikati, na sehemu ya njia iliyo ndani ya duara haionyeshwi. Wazo zuri, ila lina tundu. Ukitoka nyumbani kwa njia tatu tofauti, kila njia inakatika pale inapogusa ukingo wa duara. Nukta tatu zikiwa kwenye ukingo, yeyote aliyesoma jiometria ya shule anaweza kulichora duara zima, na katikati yake ndipo unapolala. Kwa hiyo usiweke nyumba katikati. Sogeza kitovu mpaka kwenye makutano fulani ya barabara, ukihakikisha nyumba bado imo ndani, na uongeze ukubwa wa duara. Bora zaidi, anza kurekodi ukiwa umeshatembea dakika kadhaa, uzime kabla ya kukaribia nyumbani.

Swali limetoka kule nyuma: dada anauliza afanyeje ikiwa yeye ameficha tarehe yake, lakini kila mwaka marafiki wanajaza salamu kwenye ukurasa wake. Dada yangu, ni kweli, salamu hizo zina tarehe ya kuandikwa, na mgeni hahitaji zaidi. Kwanza weka tarehe yako ionekane na wewe peke yako, ili mtandao usiwakumbushe. Kisha, kuanzia siku mbili kabla hadi siku mbili baada, zima ruhusa ya wengine kuandika kwenye ukurasa wako. Salamu za miaka iliyopita zitafute kwa neno "heri" au "miaka" kwenye kumbukumbu za ukurasa, na uzifiche. Zile zilizoandikwa kwenye kurasa za marafiki huwezi kuzifuta wewe. Ondoa jina lako lililotajwa humo, na kwa ile iliyotaja umri, mwombe mwenyewe aifute.