Weupe wa Pembeni na Mkono Juu ya Neno

Jamani, naanza na lile lile, na wanaocheka huko nyuma wacheke tu. Ule weupe unaozunguka kichwa cha msanii kwenye bango haukuletwa na Canva, programu hii tunayotengenezea mabango. Umetoka ukutani, siku picha ilipopigwa.

Tuchukue kazi moja: usiku wa taarabu, ukumbi uko Kinondoni. Mwimbaji kapigwa picha mbele ya ukuta mweupe, kashika maikrofoni, na mwenye shughuli anataka nyuma yake iwe zambarau iliyokolea. Unagusa picha, unaingia Edit, unabonyeza BG Remover, ukuta unaondoka. Hapo wengi hukimbilia kuweka zambarau. Ngoja kwanza!

Tazama nywele. Katikati ya unywele na unywele ukuta ulikuwa unaonekana, kwa hiyo vitone vya pembeni kabisa ni nusu nywele, nusu ukuta. Kifaa hakiwezi kuvigawa, kinaviacha na weupe wao. Juu ya ukurasa mweupe huvioni hata ukikodoa macho. Weka zambarau, vinawaka kama utaji. Ndiyo maana nasema kila siku: kabla ya kugusa mandhari mpya, geuza rangi ya ukurasa iwe nyeusi, kuza hadi asilimia 300, uzunguke ukingo wote taratibu. Kisha geuza iwe nyeupe, uzunguke tena, maana nyeusi nayo huficha pale ambapo nywele zimeliwa. Kagua tundu la hereni ya duara na upenyo kati ya mkono na kiuno, ukuta hupenda kujificha humo. Palipobaki ukuta tumia Erase kwa brashi ndogo, palipoliwa tumia Restore.

Mtu ataniambia, nimefuta na weupe bado upo. Usiendelee kufuta, utamnyoa mama wa watu! Weka nyuma ya kichwa chake duara la rangi hafifu lenye kingo zinazofifia, mfano wa taa ya jukwaani. Weupe ule ule sasa unasomeka kama mwanga unaompiga kwa nyuma. Mandhari imeufuata ukingo, badala ya ukingo kulazimishwa kuifuata mandhari.

Mwingine atasema, mimi nimetumiwa picha ikiwa imeshakatwa. Imetumwaje? Ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida inageuzwa JPG, na JPG haina uwazi, kwa hiyo nyuma panajazwa rangi. Mwambie aishushe kama PNG, aweke tiki kwenye Transparent background, halafu aitume kama dokumenti. Na zile za kuokota mtandaoni zenye miraba ya kijivu na nyeupe, mara nyingi miraba hiyo imechorwa ndani ya picha yenyewe. Iweke juu ya ukurasa mwekundu. Ukiona miraba bado ipo, umepigwa.

Haya, matabaka. Tunataka neno TAARABU lipite mbele ya kifua, lakini mkono wenye maikrofoni uwe mbele ya neno. Mwimbaji mmoja hawezi kuwa nyuma na mbele kwa wakati mmoja, kwa hiyo tunahitaji nakala mbili. Maliza kwanza marekebisho ya rangi, la sivyo mkono utakuwa na rangi yake na bega lake. Nakili kwa Ctrl+D. Nakala hukaa pembeni kidogo, nawe usiisogeze kwa kukadiria; fungua Position, uipe namba za X na Y zilezile za ile ya kwanza. Kwenye nakala hiyo rudi BG Remover, ufute kwa Erase kila kitu isipokuwa mkono na maikrofoni. Usiukate kwa kuvuta ubavu wa picha, maana mkato huo ni mnyoofu, na herufi itakatika kama imepigwa rula.

Sasa fungua Layers. Chini kabisa mandhari, juu yake duara la mwanga, kisha mwimbaji mzima, kisha neno, juu kabisa mkono. Neno likimezwa, lipandishe hatua moja moja kwa Ctrl+]. Ukilirusha hadi juu kabisa litaufunika na mkono.

Na mandhari yenyewe, angalieni: ukiburuta picha hadi ukingoni mwa ukurasa, Canva huinasa na kuifanya mandhari, ile ya zamani inatoweka. Ikishanaswa huwezi kuipandisha tabaka. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Detach image from background.

Ya kupeleka kiwandani kuchapa nilitaka kuyagusa, lakini mwenye ukumbi ameshasimama mlangoni. Funga matabaka yote kwa kufuli kabla ya kumwachia mtu mwingine aandike tarehe na kiingilio.