Kadi ya mihuri ambayo mteja ataielewa bila kuuliza

Karibu mtazamaji. Leo tunaandaa kadi ya mihuri ya kinyozi: mteja akilipia kunyolewa mara 8, mara ya 9 ni bure. Shika kalamu, tuiandike pamoja.

Kwanza piga hesabu ya zawadi. Katika kila vichwa 9 utakavyonyoa, kimoja hakilipiwi. Ni sawa na kupunguza bei kwa asilimia 11 hivi. Faida yako ikiwa haibebi punguzo hilo, ongeza idadi ya mihuri sasa hivi, kwa sababu kadi ikishafika mkononi mwa mteja huwezi tena kubadili sharti.

Sasa upande wa mbele andika hivi: "Lipia kunyolewa mara 8, mara ya 9 bure. Kila ukilipia, unapata muhuri 1." Mtu akija na mwanawe na kulipia wote wawili, anapata mihuri miwili. Liandike na hilo, maana ubishi wa kaunta mara nyingi huanzia hapo.

Tunafika kwenye tarehe ya mwisho, na hapa naomba usiharakishe. Chukua mteja anayekuja kila baada ya wiki 3. Muhuri wa 8 ataupata wiki ya 21 tangu ule wa kwanza, na zawadi ataichukua wiki ya 24. Ukimpa miezi mitatu, kadi itakufa akiwa na mihuri 5 tu, ingawa hakukosa hata zamu moja. Huko ni kumnyima haki yake. Mpe miezi 9, ili hata akisafiri au akiugua bado awahi. Usiandike "miezi 9 tangu muhuri wa kwanza," ukamwachia kazi ya kuhesabu. Acha nafasi, na siku unayompa kadi ujaze tarehe kamili kwa kalamu ya wino: siku, mwezi, mwaka. Chini yake ongeza: "Zawadi ichukuliwe kabla ya tarehe hii kupita." Bila sentensi hiyo, mwenye mihuri 8 atadhani ameshaiweka akiba.

Upande wa nyuma ni namna ya kudai: "Mihuri ikitimia 8, mpe kinyozi kadi kabla hujakaa kwenye kiti. Zawadi haibadilishwi kuwa pesa." Kinyozi ahesabu mihuri, atazame tarehe, kisha akate kona ya kadi na kubaki nayo. Kadi ikirudi mfukoni mwa mteja ikiwa nzima, itadaiwa tena. Kila muhuri usainiwe pia, kwa kuwa muhuri wa nyota au ua unauzwa madukani na yeyote anaweza kuununua.

Kabla hujachapisha nyingi, mpe kadi moja mtu asiyejua biashara yako. Asome, halafu akueleze atapata nini, lini mwisho, na atadai vipi. Akikwama mahali, andika upya sentensi hiyo.