Saa Zilizolingana na Kosa Lililojificha Ndani Yake

Ndugu mafundi, nitazungumzia kosa moja tu la kompresa mbili zinazopokezana zamu, kwa sababu ndilo lililonichelewesha kuliko mengine yote.

Katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, kompresa mbili za skrubu zenye ukubwa sawa hujaza tangi moja. Kiongozi alipangiwa aanze kusukuma hewa presha ikishuka hadi baa 6.5 na aache ikifika 7.2. Msaidizi alipewa 6.1 na 6.8, ili aingie pale tu kiongozi anapozidiwa, kisha atoke mapema na kumwachia mwenzake amalizie. Kidhibiti kilisoma saa za mota, na mashine moja ikimzidi mwenzake kwa saa 50, mwenzake alifanywa kiongozi.

Nilipofika, vihesabio vya saa vilikuwa vikipanda sambamba kila siku, na wenyeji wangu waliufurahia usawa huo. Mimi nilitia shaka, kwa kuwa mpango huu ukifanya kazi ipasavyo, kiongozi wa siku hiyo lazima amwache msaidizi kwa saa nyingi, na usawa huja polepole kwa kupokezana. Zaidi ya hayo, kompresa ya pili ilikuwa imebaki msaidizi kwa majuma kadhaa.

Nikasimama katikati ya mashine hizo na kusikiliza: valvu za kuingizia hewa zilifunguka kwa pamoja na kufunga kwa pamoja. Kila kompresa ilitegemea sensa yake yenyewe, na tulipofunga geji ya majaribio tuliona kwamba sensa ya kompresa ya pili ilisoma pungufu kwa baa 0.4. Tangi likiwa na 6.5, yenyewe iliona 6.1, likiwa na 7.2, iliona 6.8. Kwa hiyo msaidizi alikuwa akifanya kazi katika mipaka ileile ya kiongozi, na kwa kuwa zote mbili ziliongeza saa kwa mwendo mmoja, pengo la saa 50 la kubadilisha zamu halikuweza kutokea tena.

Hasara haikuonekana katika saa za kusukuma hewa, kwani hewa iliyohitajika ilikuwa ileile. Tuseme siku ya saa 20 inahitaji jumla ya saa 21 za kusukuma. Kila mashine itasukuma kwa saa 10 na nusu, na saa 9 na nusu zinazobaki mota yake itazunguka bila kazi, ikila takriban robo hadi theluthi ya umeme wake wa kawaida. Ndiyo maana nawasihi mwandike saa za mota na saa za kusukuma katika safu mbili tofauti.

Tulifunga sensa moja kwenye tangi, ikatoa amri kwa mashine zote mbili, na tukaagiza zamu ibadilishwe msaidizi akiwa amezima kabisa. Siku iliyofuata, kihesabio cha kompresa ya pili kilibaki nyuma sana, jambo lililowatia wasiwasi wenyeji wangu mpaka zamu ilipobadilika.