Saba Yenye Mkato, Moja Yenye Kikofia: 600 Zimetoka Wapi?

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Leo tunajifunza kusoma tarakimu zilizoandikwa kwa mkono kwenye madaftari ya zamani ya hesabu. Mezani tuna safu moja ya namba, imeandikwa na karani kwa kalamu, mistari mitano na jumla chini yake. Idi, isome kama unavyoiona.

IDI: Sawa. 214, kisha 177, 490, 168, na mwisho 731. Chini yake, jumla ameandika 1180.

REHEMA: Jumlisha ulivyosoma.

IDI: Mia mbili kumi na nne na mia moja sabini na saba, 391. Ongeza 490, tuko 881. Ongeza 168, 1049. Na 731... 1780. Dada Rehema, huyu karani hesabu zilimshinda. Amekosea kwa 600.

REHEMA: Usimhukumu marehemu mapema hivyo! Ukiona tofauti iko wazi namna hiyo, sita na sifuri zake basi, jishuku macho yako kwanza. Saba toa moja ni ngapi?

IDI: Sita.

REHEMA: Ndiyo hiyo. Ukisoma moja kuwa saba kwenye mamoja, jumla yako inazidi kwa 6. Kwenye makumi, 60. Kwenye mamia, 600. Kwa hiyo tofauti yenyewe inakuelekeza mahali pa kutazama. Nne na tisa ni vivyo hivyo, ila wao wanapishana kwa tano: 5, 50, 500.

IDI: Ngoja nikupinge kidogo. Sita haiko kwa moja na saba peke yao. Sifuri na sita wanapishana kwa sita. Mbili na nane pia. Tatu na tisa pia.

REHEMA: Kweli kabisa, ndiyo maana tofauti haikupi jibu, inakupa mtaa tu. Nyumba utaitafuta mwenyewe. Hapa tunashuka kwenye safu ya mamia: 2, 1, 4, 1, 7. Wewe umezidisha, kwa hiyo tunatafuta tarakimu inayoweza kupungua sita ikabaki tarakimu. Mbili haiwezi, moja haiwezi, nne haiwezi. Imebaki saba ya 731.

IDI: Basi ni 131. Jumla inarudi 1180. Tumemaliza?

REHEMA: Hapo ndipo wengi wanafunga daftari, na hapo ndipo pana mtego. Jumla yenyewe imeandikwa na mkono ule ule. Nani kakwambia hiyo 1180 si 1780?

IDI: Ala! Kumbe safu inakubali pande zote mbili. 731 na 1780, au 131 na 1180.

REHEMA: Zote mbili zinafunga. Hesabu imefika mwisho wa msaada wake, sasa tunarudi kwenye mwandiko. Tazama 177, mstari wa pili. Zile saba mbili zikoje?

IDI: Zote zina kimstari kinachokata tumbo.

REHEMA: Na ile uliyoita saba, ya 731?

IDI: Haina mkato. Ina kichwa kirefu tu.

REHEMA: Kitazame vizuri hicho kichwa. Je, kimelala bapa, au kinapanda?

IDI: Kinapanda. Kinaanzia chini kushoto, kinakwenda juu mpaka kileleni, halafu kalamu inageuka ghafla na kushuka.

REHEMA: Huo ni mwendo wa moja. Saba inaanza kwa mstari unaokwenda kulia ukiwa umelala, au karibu kulala, halafu shina linateremka likielekea kushoto. Moja yenye kikofia inapanda kwanza, na shina lake mara nyingi limesimama wima zaidi. Tatizo ni kwamba kuna watu wanaokivuta kile kikofia mpaka kinaanzia karibu na mstari wa chini, na ukiitazama tarakimu peke yake, bila wenzake, utaapa ni saba.

IDI: Na tabia hiyo ya kikofia, pamoja na mkato wa saba, ni ya Ulaya bara, sivyo? Wajerumani, Wafaransa na wenzao.

REHEMA: Imeenea huko sana. Waingereza na Wamarekani kwa kawaida moja yao ni fimbo tu, na saba yao haina mkato. Ila usiende na pasipoti ya mwandishi, nenda na mkono wake. Tabia hizi mbili zinategemeana. Mtu ambaye moja yake ni fimbo hana haja ya kukata saba, hazigongani. Mtu ambaye moja yake ina kikofia kirefu anahitaji ule mkato ili saba yake ijitenge. Kila mmoja, ndani ya mwandiko wake, yuko salama.

IDI: Hatari ni yule mwenye kikofia kirefu asiyekata saba.

REHEMA: Huyo ni mmoja. Mwingine ni mbaya zaidi kwa sababu hujui kama yupo: daftari moja lenye waandishi wawili. Juu ya ukurasa kaandika karani anayekata saba, kwake umbo lisilo na mkato ni moja. Katikati ya ukurasa kaingia mwenzake wa fimbo, kwake umbo lile lile lisilo na mkato ni saba. Kanuni uliyojifunza kwenye mistari kumi ya kwanza inakudanganya kwenye mistari kumi ya mwisho.

IDI: Utajuaje kalamu imebadilika mkono?

REHEMA: Usianze na saba. Anza na tarakimu ambazo hazina ugomvi: mbili ina kitanzi chini au haina, nane imeanzia wapi, tano imeweka kofia yake mwisho au imeviringishwa kwa mpigo mmoja. Zikibadilika zote kwa pamoja kwenye mstari fulani, piga alama pembeni na uanze kujifunza upya.

IDI: Kujifunza kwa njia gani? Maana tunahitaji saba na moja ambazo tuna hakika nazo, na hizo ndizo tunazozitilia shaka.

REHEMA: Unazitafuta mahali ambapo haziwezi kuwa kitu kingine. Namba za mfululizo pembeni: iliyo kati ya 16 na 18 ni 17, hata ingechorwa na kuku. Hapo una moja na saba za mtu huyo zimesimama bega kwa bega. Tarehe pia. Mwezi hauna siku ya 37, kwa hiyo ukiona umbo hilo ni 31. Dakika hazifiki 70, kwa hiyo tarakimu ya makumi kwenye dakika haiwezi kuwa saba. Kusanya mifano kadhaa ya uhakika, ichore kwenye karatasi ya pembeni, ndipo urudi kwenye safu yako.

IDI: Na kwa ile jumla yetu ya 1180?

REHEMA: Nayo ina shahidi. Daftari la hesabu likijaa ukurasa, jumla inapelekwa mbele, inaandikwa tena juu ya ukurasa unaofuata. Nenda kaitazame huko. Mara nyingi ile ya pili imeandikwa kwa utulivu zaidi. Na hata isipokuwa hivyo, salio la ukurasa huo wa pili mara nyingi litafunga kwa moja kati ya 1180 na 1780, si kwa zote.

IDI: Mimi nina swali la picha. Wengi siku hizi hawaoni daftari lenyewe, wanaona nakala iliyopigwa skana.

REHEMA: Afadhali umelitaja. Ule mkato wa saba ni mstari mwepesi, kalamu inapita juujuu. Skana ikiwa ya nyeusi na nyeupe tupu, kila kilicho hafifu kinageuzwa kuwa cheupe, na mkato unatoweka. Shina linabaki. Unapata saba iliyonyolewa, na wewe unaapa huyu mtu hakati saba. Omba nakala ya rangi au ya kijivu. Na kuna upande wa pili: mstari uliochapwa kwenye karatasi ukipita katikati ya moja yenye kikofia, unaonekana kama mkato. Fuata huo mstari kushoto na kulia. Ukiendelea nje ya tarakimu, ni wa karatasi.

IDI: Tuje kwenye nne. Hapo mimi huwa nakaza macho kweli.

REHEMA: Nne ya wazi, ile ambayo juu haikufungwa, ni rafiki wa msomaji. Shida ni nne iliyofungwa. Ikiandikwa polepole ina pembe tatu kali. Ikiandikwa haraka, pembe zinalainika, inakuwa duara lenye mguu.

IDI: Inakuwa tisa.

REHEMA: Karibu. Lakini kuna kitu tisa haina kamwe: ule mstari wa kulala wa nne unavuka shina na kutokeza kidogo upande wa kulia. Hata kama ni ncha ndogo tu, ni ushahidi. Kwenye tisa, duara linafika kwenye shina na kukomea hapo. Kwa hiyo usitazame duara, tazama kulia kwa shina.

IDI: Na nne ya wazi haina kasoro?

REHEMA: Anayo mwandishi mvivu. Mikono miwili ya juu ikiinamiana mpaka ikagusana, imejifunga yenyewe. Hiyo ncha ya kulia bado inakuokoa.

IDI: Kabla hatujaondoka, kuna lile ulilonionyesha asubuhi, la 540.

REHEMA: Eeh, hilo ni la wahasibu. Wanafundishwa kwamba tofauti inayogawanyika kwa tisa inaashiria huenda umegeuza tarakimu mbili zilizo jirani, umeandika 36 badala ya 63. Ni kweli. Sasa chukua 171, mtu akaisoma 711: ile moja ya kwanza kaiona saba, ile saba kaiona moja. Tofauti ni 540, na 540 inagawanyika kwa tisa. Utatafuta siku nzima nani kageuza tarakimu, na hakuna aliyegeuza. Ni makosa mawili ya macho, moja juu 600 na moja chini 60.

IDI: Na yakiwa kwenye safu ile ile, mstari huu 600 juu, mstari ule 600 chini?

REHEMA: Yanafutana. Jumla inafunga vizuri na namba mbili ni za uongo. Hapo hesabu haikusaidii hata kidogo. Hata kuwapa watu wawili wanakili kila mmoja peke yake, kisha mkalinganisha, hakukupi hakika, kwa sababu umbo lililomdanganya wa kwanza linaweza kumdanganya na wa pili. Kilichobaki ni ule mkusanyo wako wa mifano ya uhakika, na uaminifu: tarakimu usiyokuwa na hakika nayo, iandike na alama ya kuuliza, 1[7?]4, usiichague kwa kubahatisha.

IDI: Alama ya kuuliza iingie kwenye nakala yenyewe, si kichwani mwako.

REHEMA: Kwenye nakala, pale pale ilipo. Na uandike ni ukurasa gani, mstari wa ngapi, ili mwenye daftari halisi akaitazame. Wiki ijayo tuko na sifuri na sita. Kwaherini.