Friza ya Zuhura: ahadi alipewa nani?

Ndugu zangu wasaidizi wa kisheria, leo nataka tukae na risiti moja tu. Nimeitunga kwa ajili ya somo, lakini za aina hii mnazipokea mezani kwenu.

Kaka anafanya kazi Maskati. Amekuja likizo Tanga, ameingia duka la vifaa vya umeme, amelipa shilingi 850,000 za friza. Akamwambia muuzaji: "Hii ni zawadi ya dada yangu Zuhura. Mpelekee nyumbani Jumamosi, auzie barafu." Muuzaji akakubali, akaandika jina la Zuhura na namba yake ya simu nyuma ya risiti. Mbele, penye nafasi ya mnunuzi, jina ni la kaka. Kaka akapanda ndege. Jumamosi ikapita, friza haikuja. Zuhura alipokwenda dukani akajibiwa: "Dada, mimi sikuuziana na wewe."

Jibu hilo linauma, na mimi linaniuma, kwa sababu fedha imelipwa na ahadi ilimtaja Zuhura kwa jina. Lakini akifungua kesi ya mkataba kwa jina lake mwenyewe, muuzaji ataweka pingamizi, na kwa kawaida atashinda.

Hapa wengi wetu tunakosea sababu. Tunasema Zuhura anashindwa kwa kuwa hakutoa hela. Sivyo. Someni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 2: malipo yanayoipa ahadi nguvu yanaweza kutolewa na aliyepewa ahadi "au mtu mwingine yeyote". Kwa hiyo fedha ya kaka ingetosha kabisa. Kinachomkwamisha Zuhura ni kwamba ahadi haikutolewa kwake. Muuzaji alimwahidi kaka jambo linalomhusu Zuhura. Aliyeahidiwa ni kaka, na Zuhura ni mtu wa tatu.

Uingereza walibadilisha msimamo huu kwa sheria ya mwaka 1999, inayomruhusu mtu wa tatu aliyetajwa kwenye mkataba kudai mwenyewe. Sheria hiyo ni ya kwao. Msiiweke kwenye hati ya madai hapa Tanzania.

Je, amdai kaka? Ahadi tupu ya zawadi haina nguvu. Kifungu cha 25 kinaacha mlango kwa ndugu wa karibu wanaoahidiana kwa mapenzi, lakini kinataka maandishi, tena yaliyosajiliwa. Maneno ya dukani hayafiki huko.

Sasa sikilizeni kesi ya Beswick, iliyoamuliwa mwaka 1967 na Baraza la Malodi, mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo. Mzee Peter Beswick, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, alimwachia mpwa wake biashara. Mpwa akaahidi kumlipa mzee kila wiki maisha yake yote, na mzee akifariki, amlipe mjane pauni 5 kwa wiki. Mzee akafariki. Mpwa akalipa mara moja, akaacha. Mjane akashtaki kwa kofia mbili: kama yeye mwenyewe, na kama msimamizi wa mirathi ya mumewe. Kofia ya kwanza ilikataliwa. Ya pili ikashinda, maana msimamizi anasimama mahali pa marehemu, na marehemu ndiye aliyeahidiwa. Mahakama ikamwamuru mpwa atekeleze ahadi, amlipe mjane. Mwanamke yuleyule, fedha ileile. Kilichobadilika ni nafasi aliyosimama.

Basi kwa Zuhura, simu ya kwanza ipigwe Maskati. Kaka ndiye mdai. Anaweza kudai friza ipelekwe alikoagiza, au arudishiwe 850,000 yake. Friza ni bidhaa inayopatikana maduka mengi, kwa hiyo tarajieni mahakama iamuru fedha kuliko friza yenyewe. Kama kaka hawezi kurudi, atoe hati ya uwakilishi, lakini madai yabaki kwa jina la kaka. Au amhamishie Zuhura haki yake kwa maandishi, na muuzaji apewe taarifa. Jambo moja nawasihi: msimshauri kaka adai kwamba alinunua kama wakala wa dada yake ikiwa hakutumwa. Akihojiwa, "Nani alikutuma, na lini?", kesi nzima inaanguka.

Na mwulizeni Zuhura kama muuzaji aliwahi kumtumia ujumbe, mathalani, "Friza yako ipo, tunakutunzia." Hapo muuzaji amezungumza na yeye moja kwa moja, na wakili ana pa kuanzia. Ujumbe huo usifutwe.

Mama pale mbele ameuliza: friza ikifika, ikampiga shoti kwa ubovu wa kiwandani? Hapo hahitaji mkataba. Mwaka 1928, kule Paisley, Skotlandi, Bi Donoghue alikunywa soda aliyonunuliwa na rafiki yake, akadai kulikuwa na konokono ndani ya chupa. Hakuwa amenunua chochote. Mwaka 1932 ikaamuliwa kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji. Zuhura naye atadai kwa uzembe, kwa jina lake mwenyewe, bila kuonyesha risiti ya kaka.