Ujumbe wa Saa Mbili na Nusu

Maalim: Asalaam aleikum, wasikilizaji. Leo tunamzungumzia bosi anayefuatilia kila hatua ya mfanyakazi wake. Dada yangu niliyenaye hapa aliwahi kuwa mnunuzi wa jikoni katika hoteli moja ya kaskazini ya Unguja, chini ya meneja wa namna hiyo. Alikuwa akikufanyia nini hasa?

Dada: Waaleikum salaam, Maalim. Alfajiri niko mnadani Malindi, simu inalia: jodari umepata? Nikifika Mwanakwerekwe kutafuta mboga, inalia tena: nyanya umenunua kwa bei gani? Nikiwa garini narudi, anauliza kama barafu inatosha. Nilikasirika, nikawa siipokei simu yake, na kadiri nilivyoiacha ikalia ndivyo alivyozidi kupiga.

Maalim: Ukimya wako ndio uliokuwa ukimtia wasiwasi.

Dada: Ndivyo, ingawa nilichelewa kulitambua. Nilichukua daftari, nikaandika kila swali aliloniuliza kwa siku sita pamoja na saa aliyouliza. Yalifika 43, lakini nilipoyapanga niliona kwamba karibu yote ni matatu yanayojirudia: kitu kimepatikana au hakikupatikana, kimegharimu kiasi gani, na jikoni watakosa nini jioni. Niliona pia kwamba simu nyingi zilikuja kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu saa tatu yeye mwenyewe alikuwa akikutana na mwenye hoteli.

Maalim: Kumbe naye alikuwa na wa kumuuliza.

Dada: Na alikwenda kule mikono mitupu. Basi nikaanza kumpelekea ujumbe mmoja wa wasapu kila siku ya kazi, saa mbili na nusu, kabla hajauliza.

Maalim: Hebu tusomee mmojawapo.

Dada: Huu ni wa msimu wa kusi: "Jodari kilo 18 na changu kilo 12 wamepatikana kwa bei ya jana. Mboga zimetimia isipokuwa pilipili boga, ambazo nitazitafuta Darajani kabla ya saa nne. Ngisi hakuna, kwani bahari imechafuka na vyombo vilivyotoka ni vichache. Napendekeza tuweke pweza, kwa kuwa bamvua limeanza na wanapatikana. Nisipopata jibu hadi saa nne, nitanunua kilo 10."

Maalim: Sentensi hiyo ya mwisho mabosi wengine wataiona ni ujeuri.

Dada: Wataiona hivyo ukiianza bila ya idhini. Mimi nilimwomba ruhusa kwanza, uso kwa uso, na niliitumia kwa vitu vidogo tu, ambavyo hata nikikosea hasara yake inabebeka.

Maalim: Lakini huoni kwamba unamzoesha? Mtu wa kuchungulia ukimfungulia dirisha, kesho atataka mlango.

Dada: Hilo lilinipata. Wiki ya pili nilijitia bidii, nikawa natuma taarifa kila baada ya saa moja, na siku niliyoruka ya saa sita akapiga simu kuidai. Nikarudi kwenye ujumbe wa asubuhi na mwingine mfupi saa kumi, basi. Alipouliza jambo ambalo nimeshaliandika, nilimjibu kwa adabu bila ya kumkumbusha kwamba yamo kwenye ujumbe.

Maalim: Na siku mambo yalipoharibika?

Dada: Siku moja barafu iliyeyuka njiani, na kilo 6 za samaki zikaharibika. Nilitamani kunyamaza hadi jioni, lakini nilimpigia pale pale, kwa sababu habari mbaya haingoji saa ya ujumbe. Nikamweleza kilichoharibika, hasara yake, na mahali ninapokwenda kutafuta badala yake. Alinigombeza sana, nami nilistahiki. Ajabu ni kwamba baada ya siku ile ndipo simu zilipopungua kuliko wakati wowote, maana alishajua kwamba nikiwa kimya, basi hakuna baya nililomficha.

Maalim: Ulijuaje kwamba amekuamini, na si kwamba amechoka kupiga?

Dada: Maswali yenyewe yaligeuka. Aliyekuwa akiuliza "umeshanunua?" akaanza kuuliza "wewe unaonaje?" Hapo nikamwomba ninunue vitu visivyozidi shilingi 150,000 bila ya kuuliza, nivitaje tu kwenye ujumbe. Alikubali kwa majaribio ya mwezi mmoja, na kwa mboga peke yake.

Maalim: Mimi niliwahi kuwa na bosi aliyesoma taarifa yote, kisha akaniuliza yale yale mbele ya watu.

Dada: Huyo hatafuti habari, Maalim, anatafuta kuogopwa. Kwake ujumbe utakufaa kama kumbukumbu, siku atakapokana aliyoyaagiza, lakini usitarajie umpunguzie maswali.

Maalim: Na meneja wako, samaki hakukuachia?

Dada: Mboga aliniachia, mchele na mafuta vikafuata. Lakini mpaka naondoka, kila alfajiri nikiwa mnadani, simu ilikuwa inalia: jodari umepata?